Mstari Ukatike Wapi? Barua Pepe Ndefu kwa Maandishi Matupu

Tuseme katibu wa chama cha wazaliwa wa kijiji kimoja ana jambo refu la kuwaandikia wenzake. Kazi ya kisima imekwama, bei ya bomba imepanda, michango haikutosha, na kamati inataka kuitisha mkutano wa dharura. Wanachama wametawanyika: wengi wako Dar es Salaam, wachache Maskati, wengine Minneapolis. Wapo watakaosoma barua hiyo kwenye kompyuta ya kazini, lakini wengi wataifungua kwenye simu, wamekaa kwenye daladala au wanasubiri zamu yao benki. Katibu anaketi kwenye kompyuta yake, anaandika maneno 1,200, na kwa kuwa anapenda kazi nadhifu, kila mstari ukifikia urefu unaompendeza anabonyeza Enter. Kwenye kioo chake aya ya kwanza imekaa hivi:

```
Ndugu wanachama, kamati ya maji ilikutana Jumamosi iliyopita
na kupitia makadirio ya fundi. Bei ya bomba imepanda, hivyo
michango iliyokusanywa haitoshi kumaliza kazi kabla ya mvua
za vuli.
```

Safi kabisa. Sasa twende kwenye simu ya mwanachama aliyeko Maskati, ambayo mstari wake mmoja unabeba herufi kama 45, ukihesabu na nafasi. Aya hiyohiyo inamfikia hivi:

```
Ndugu wanachama, kamati ya maji ilikutana
Jumamosi iliyopita
na kupitia makadirio ya fundi. Bei ya bomba
imepanda, hivyo
michango iliyokusanywa haitoshi kumaliza kazi
kabla ya mvua
za vuli.
```

Mstari mrefu, kipande kifupi, mstari mrefu, kipande kifupi, kama kitana kilichong'oka meno. Aya moja ya namna hiyo inavumilika. Maneno 1,200 ya namna hiyo hayasomeki, jicho linasimama kila baada ya maneno matatu likidhani sentensi imekwisha, na msomaji anaishia kuuliza kwenye simu, "Kwani mkutano ni lini?", ilhali tarehe imo ndani ya barua.

Simu haikukosea kitu. Ilipewa amri mbili, ikazitii zote. Ya kwanza ni ya kioo chake: mstari usipite ukingo. Ya pili ni ya katibu: kila alipobonyeza Enter, mstari uishe. Amri ya katibu ilikuwa na maana kwenye kioo kipana alichokuwa akikitazama yeye, na kwa bahati mbaya ilisafiri pamoja na barua hadi mahali ambapo haikuwa na maana tena. Ubaya wa barua nyingi za maandishi matupu huanzia hapohapo, kwenye swali la nani anakata mstari.

Maandishi matupu ni yale yasiyo na kingine ndani yake isipokuwa herufi, nafasi na mwisho wa mstari. Hayana herufi nene, hayana rangi, hayana ukubwa wa fonti, hayana jedwali. Anayeyaandika ana vifaa vitatu tu vya kupangia ukurasa: alama zilizo kwenye kibodi, nafasi, na Enter. Fonti itakayotumika na upana wa ukurasa huamuliwa na kifaa cha msomaji. Faida yake ni wepesi na uvumilivu. Barua ya katibu ya maneno 1,200 haifiki hata kilobaiti 10, kwa hiyo haili bando, na haikaribii kilobaiti 102 ambazo Gmail ikizifikia huikata barua na kuweka kiungo cha kusoma kilichobaki. Barua hiyo hufunguka kwenye simu ya bei yoyote. Inaweza kunakiliwa kutoka kwenye barua pepe na kubandikwa kwenye kundi la WhatsApp bila kupoteza neno. Hilo la mwisho katibu asilidharau, maana kwetu barua pepe ya chama haimalizi siku bila kuhamishiwa kwenye kundi.

Desturi ya kukata mistari kwa mkono haikuzuka hewani. Kadi za kutoboa za IBM, zilizoanza kutumika mwaka 1928 kwa muundo huo, zilikuwa na safu 80. Mashine za kioo zilizofuata zikarithi upana huo. VT100, iliyotoka mwaka 1978 na kuigwa na nyingine nyingi, ilionyesha herufi 80 kwa mistari 24. Barua pepe ilikulia kwenye vioo hivyo. Ndiyo maana hadi leo hati inayoweka kanuni za muundo wa barua pepe, RFC 5322 ya mwaka 2008, inasema mstari usizidi herufi 998 kwa vyovyote vile, na inashauri usizidi 78. Waandishi wa zamani walijiwekea mpaka mdogo zaidi, 72, na sababu yao ilikuwa ya kimahesabu. Mtu akijibu barua, programu yake huweka alama ya `>` na nafasi mbele ya kila mstari ulionukuliwa. Ni herufi mbili kila mara barua inapojibiwa. Ukianza na 72, barua inaweza kujibiwa mara nne ndipo mstari ufike 80. Ukianza na 79, jibu la kwanza tu linausukuma mstari nje ya kioo, neno la mwisho linadondoka chini peke yake, na anayesoma hajui tena ni neno la nani.

Bado wapo wanaoishi kwa kanuni hiyo na wana haki. Wanaotengeneza kiini cha Linux hutumiana kazi zao kwa barua pepe za maandishi matupu, na mwongozo wao unaonya kabisa kwamba Gmail ya kwenye kivinjari haifai kutumia viraka vya programu, kwa sababu hubadilisha vitabo kuwa nafasi na hukata mistari kwenye herufi 78. Ukiandika kwa watu kama hao, kata kwenye 72 na mambo yatakwenda. Lakini wanachama wa kisima hawasomi kwenye vioo vya safu 80.

Kuna ufumbuzi uliobuniwa kwa ajili ya watu wa pande zote mbili. Unaitwa `format=flowed`, na hati yake, RFC 3676, ni ya mwaka 2004. Wazo lenyewe ni la kijanja: programu hukata mistari mifupi kama zamani, lakini kila mstari unaoendelea huachiwa nafasi moja isiyoonekana mwishoni. Programu ya mpokeaji ikiiona nafasi hiyo inajua kwamba mkato ule ni wa muda tu, inaiunganisha mistari na kuimwaga upya kwa upana wa kioo chake. Thunderbird huufahamu utaratibu huu. Shida ni kwamba unahitaji kueleweka pande zote, na programu nyingi zinazotumiwa na watu wengi zaidi haziujali. Katibu hawezi kuutegemea.

Kinachobaki ni uamuzi wa mwandishi mwenyewe, na kwa maoni yangu una njia mbili tu. Ya kwanza, usikate kabisa: andika aya kutoka mwanzo hadi mwisho bila kugusa Enter, uache kioo cha msomaji kiamue mistari iishie wapi. Ya pili, ukikata, kata mfupi, chini ya herufi 40, ili hata simu ndogo isipate sababu ya kukata tena. Eneo la hatari ni lile la katikati, kati ya 50 na 80, ambalo ndilo kila mtu anapenda kwa sababu linapendeza kwenye kompyuta.

Kwa aya za maelezo, njia ya kwanza ndiyo bora. Ina kasoro moja: kwenye kompyuta yenye kioo kipana, baadhi ya programu hutandaza aya kutoka ukingo hadi ukingo, mstari mmoja ukabeba herufi 150 au zaidi, na jicho likirudi kushoto halijui litue wapi. Wataalamu wa uchapaji wamekuwa wakisema hivyo kwa miaka mingi. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mitindo ya uchapaji, anataja herufi 45 hadi 75 kuwa upana unaoridhisha kwa mstari wa kitabu. Lakini msomaji wa kompyuta anaweza kulivuta dirisha likawa jembamba. Msomaji wa simu hawezi kuipanua simu. Ukilazimika kumsumbua mmoja wao, msumbue mwenye kompyuta.

Njia ya pili, ya mistari mifupi sana, ifae mambo yasiyo ya kumwagika: tarehe, mahali, kiasi cha fedha, namba ya kulipia. Hapo mstari haukatwi kwa kupima upana. Unakatwa kwa sababu jambo limekwisha. Katibu anaweza kuandika:

```
Siku: Jumapili, saa 10 jioni
Mahali: ukumbi wa shule ya msingi
Walio mbali: kiungo kitatumwa
asubuhi ya siku hiyo
```

Mstari mrefu kuliko yote hapo una herufi 33. Hautavunjika kwenye simu, hautavunjika ukinukuliwa, hautavunjika kwenye WhatsApp.

Hapa pana mtego wa Gmail ambao wengi hawaujui. Ukifungua Gmail kwenye kivinjari, ukabonyeza vidoti vitatu chini ya barua na kuchagua `Plain text mode`, unapata maandishi matupu kweli, lakini wakati wa kutuma Gmail yenyewe inakata mistari yako kwenye herufi 78. Hukugusa Enter hata mara moja, na bado kitana kinamfikia mtu wa simu. Kinyume chake, ukiacha hali ya kawaida bila kuweka rangi wala fonti wala picha, Gmail hutuma barua ikiwa na nakala mbili ndani ya bahasha moja: ya maandishi matupu kwa programu zinazoitaka, na nyingine ambayo simu itaimwaga kwa upana wake. Kwa hiyo, ajabu ni kwamba katibu anayetumia Gmail na mwenye wasomaji wa simu anafanya vizuri zaidi akiandika kwa adabu za maandishi matupu bila kuwasha hali hiyo. Akitilia neno herufi nene, ile nakala tupu italizungushia nyota upande huu na huu, `*hivi*`, jambo ambalo halina ubaya. WhatsApp nayo inazisoma nyota hizo kama herufi nene.

Mistari ikishatulia, kazi inayofuata ni ya aya. Katika maandishi matupu aya hazitofautishwi kwa kusogeza neno la kwanza ndani kama kwenye gazeti. Zinatofautishwa kwa mstari mtupu mmoja, yaani Enter mara mbili. Hakuna mjadala mkubwa hapo, ila kuna watu wanaoandika barua yao kwanza kwenye Word, wakaona aya zimeachana vizuri, wakainakili na kuibandika kama maandishi matupu, kisha wakashangaa aya zote zimegandana. Pengo waliloliona kwenye Word lilikuwa la mtindo wa aya. Programu ililichora, lakini hakuna aliyelichapa. Maandishi matupu hayabebi kilichochorwa. Kama hukubonyeza Enter ya pili, mstari mtupu haupo, hata kama macho yako yaliuona.

Urefu wa aya nao upimwe kwa simu. Aya ya maneno 60 ya Kiswahili ina herufi 400 hivi. Kwa mstari wa herufi 45 inakuwa mistari kama 10. Kwenye kompyuta aya hiyo ni mistari mitatu au minne na mwandishi anaiona fupi mno, anaona aibu kuiacha hivyo, anaunganisha mbili. Asiunganishe. Maneno 40 hadi 60 ndiyo kipimo kizuri, na aya ya sentensi moja si dhambi pale ambapo sentensi hiyo ndiyo inayotakiwa kuonekana. Nisingependa pia barua ambayo kila sentensi ni aya. Hapo mapengo yanakuwa mengi hadi hayasemi chochote, na jambo kubwa na dogo vinafanana.

Sehemu mpya ya barua inahitaji pengo kubwa kuliko aya mpya. Mistari mitupu miwili juu ya kichwa kidogo, mmoja chini yake. Tofauti hiyo ndiyo inayokiambatanisha kichwa na maneno yake. Ukiweka pengo sawa juu na chini, kichwa kinaelea katikati na msomaji anayeteremka haraka hajui ni cha aya iliyopita au inayokuja. Kwa kuwa herufi nene hazipo, kichwa kiandikwe kwa herufi kubwa na kipewe namba: `2. FEDHA`. Namba ina faida ya ziada. Mwanachama wa Minneapolis anaweza kujibu, "Kuhusu namba 2, mimi naongeza laki tatu," bila kunukuu nusu ya barua.

Kisha vitenganishi, yaani mistari ya vistari au alama za sawasawa inayogawa sehemu. Watu huvipenda kupita kiasi. Kosa la kwanza ni urefu. Aliyechapa vistari 70 ili vijaze kioo chake anampelekea mtu wa simu mstari mmoja na nusu wa vistari, na kitenganishi kinaonekana kama kosa la uchapaji. Vistari 20 vinatosha, havivunjiki popote. Kosa la pili ni wingi wa aina: nyota hapa, mawimbi pale, alama za sawasawa kwingine. Chagua moja, uitumie mahali pamoja tu, kati ya sehemu na sehemu. Tena kuna wanachama wasioona ambao barua zao husomwa kwa sauti na programu, na programu hizo, kutegemea zilivyowekwa, zinaweza kuzitaja alama moja baada ya nyingine. Fikiria kusikia neno "kistari" mara 70 kabla ya kufika kwenye habari za fedha. Kichwa chenye namba na mapengo mazuri kinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kimyakimya, kwa hiyo barua ya sehemu mbili haihitaji kitenganishi chochote. Ya sehemu tano itakihitaji.

Kuna kitenganishi kimoja ambacho hakifai kabisa: vistari viwili na nafasi, peke yake kwenye mstari. Katika desturi ya barua pepe hiyo ndiyo alama ya kuanza kwa sahihi. Thunderbird ikiiona huyafifisha maneno yote yanayofuata, na mtu akijibu huyaondoa kwenye nukuu. Mwandishi aliyetumia alama hiyo katikati ya barua anajikuta sehemu ya pili nzima imegeuzwa sahihi, na wanaojibu wanajibu kana kwamba haikuwepo. Vistari vitatu au zaidi havina tatizo hilo.

Basi sehemu ya fedha ya barua ya katibu, na mwanzo wa inayofuata, inaweza kukaa hivi:

```
2. FEDHA

Fundi ametuletea makadirio mapya.

- Bomba la inchi 2: sh. 1,850,000

- Saruji, mifuko 40: sh. 720,000

- Fundi na vibarua: sh. 1,200,000

Jumla: sh. 3,770,000

--------------------


3. MKUTANO
```

Angalia namna fedha zilivyoandikwa. Katibu angependa kuzipanga kwa safu mbili, vitu kushoto na shilingi kulia, akijaza nafasi katikati hadi tarakimu zikae chini ya tarakimu. Kwenye programu yake yenye fonti ya upana mmoja, ambamo herufi `i` na `m` zinachukua nafasi sawa, jedwali hilo lingenyooka. Gmail huonyesha maandishi matupu kwa fonti ya kawaida, ambamo `i` ni nyembamba na `m` ni pana, kwa hiyo nafasi zilezile haziwezi kufikisha tarakimu mahali pamoja. Milioni inasogea chini ya laki, na msomaji wa fedha za chama asiyeelewa tarakimu ipi ni ya nani huanza kuwa na maswali mengine. Kitabo ni kibaya zaidi, kwani kila programu ina upana wake wa kitabo. Kitu, nukta pacha, kiasi: mpangilio huo hauna safu ya kupinda.

Mistari mitupu kati ya vitu hivyo vitatu inaweza kuonekana ya kupoteza nafasi. Imewekwa kwa ajili ya Outlook, ambayo ina mazoea ya kuondoa kile inachokiona kuwa mikato ya ziada katika barua za maandishi matupu. Juu ya barua hutokea tangazo dogo kwamba mikato imeondolewa, na wengi hawalisomi. Orodha ya mistari mifupi inayofuatana inaweza kuunganishwa ikawa sentensi moja ndefu isiyo na kichwa wala miguu: siku, saa, mahali na kiungo vyote vimebanana. Mpokeaji anaweza kulibonyeza tangazo hilo akairudisha mikato, au akaizima tabia hiyo kwenye mipangilio ya Outlook, lakini mwandishi hawezi kumfanyia. Anachoweza ni kuviachanisha kwa mstari mtupu vitu ambavyo havitakiwi kuungana kamwe, na kuanza kila kimoja kwa kistari, ili hata vikibanana msomaji aone kimoja kinapoanzia. Ile orodha ya siku na mahali niliyoiandika mwanzoni nayo ingefaa itendewe hivyo kama nusu ya wanachama ni watu wa maofisini.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Hakina herufi zenye vitone wala vikofia, kwa hiyo barua yake hupita salama mahali ambapo Kifaransa au Kivietinamu huchafuka. Bahati hiyo inavunjika kwenye alama moja tu, ile ya ng'ombe, ng'ambo na king'ora. Ukichapa kwenye Word, alama hiyo hugeuzwa yenyewe kuwa ile iliyopinda. Kwenye iPhone hufanyika vivyo hivyo mradi `Smart Punctuation` imewashwa. Alama iliyopinda ikipita kwenye programu inayosoma kwa kanuni ya zamani, ng'ombe wa mchango wanafika wakiwa `ngâ€™ombe`. Alama za nukuu zilizopinda na vistari virefu huharibika kwa njia hiyohiyo. Dawa ni kuandika barua kwenye programu isiyopamba, kama Notepad, au kuzima mapambo hayo kabla ya kuanza. Ukiona `â€` mahali popote kwenye barua uliyopokea, sasa unajua ilipita wapi.

Kabla ya kutuma kwa watu 80, katibu ajitumie mwenyewe. Aifungue kwenye simu akiwa ameishika wima, kwa ukubwa wa maandishi anaotumia mzazi wake, ambao kwa kawaida ni mkubwa kuliko wake; hapo mstari unaweza kubeba herufi 30 tu, na kitenganishi au mstari wa fedha uliokuwa salama ukajikunja. Ateremke haraka kwa kidole bila kusoma, aone kama vichwa vinajitokeza vyenyewe. Kisha aijibu barua hiyo na kutazama nukuu: je, kila mstari ulionukuliwa una alama yake, au kuna maneno yaliyodondoka peke yake? Mwishoni aibandike kwenye WhatsApp akijitumia mwenyewe. Ikionekana kitana huko, kuna Enter iliyojificha ndani ya aya. Namna ya haraka ya kuikamata ni kwenye kompyuta: livute dirisha liwe jembamba kama simu, kisha lirudishe. Aya isiyokatwa itacheza na dirisha. Iliyokatwa itabaki na mistari iliyosimama palepale. Ukiigundua, weka kishale mwanzoni mwa mstari unaofuata, ubonyeze kitufe cha kufuta kinachorudi nyuma, na uache nafasi moja kati ya maneno. Kwa barua ndefu ni kazi ya dakika chache, na inachosha kwelikweli.

Kuna mahali ambapo ustadi wote huu unakwama. Mwanachama akitaka kuona nani amechanga kiasi gani kila mwezi, watu 80 kwa miezi 12, hakuna mpangilio wa vistari na mapengo utakaobeba tarakimu 960. Hapo katibu atengeneze jedwali la Excel, aliambatishe, na kwenye barua yenyewe aandike mistari mitatu tu: jumla iliyopatikana, jumla inayodaiwa, na jina la faili. Asiyeweza kufungua kiambatisho atakuwa amepata yale matatu, na anayetaka mengine atajua ayatafute wapi.